Taa Iliyowaka Kabla ya Giza

Niliongeza kipande kwenye video baada ya karatasi ya mafundi kuchapwa. Ndiyo ujinga wenyewe. Kwa asiyejua kazi hii haisikiki kama kosa, na hata mimi asubuhi ile niliona nimefanya la maana.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule imefungwa, na nilishinda kwenye studio moja ya Tarime mjini nikikata video za harusi. Mwenye studio alinipenda kwa sababu nilijua kompyuta kuliko yeye, na alinichukia kwa sababu nilijua kwamba najua. Harusi moja nilimwekea shemeji wa bibi harusi mlio wa mbuzi kila anapocheka. Walilipa, lakini hawakurudi.

Kisha ikaja kazi ya wachimbaji wadogo. Dhahabu ilikuwa imewapagawisha watu; hata mwalimu wetu wa Jiografia alikuwa na duara lake, shimo la dhahabu, huko Nyakunguru, na kipindi cha miamba alikifundisha kwa machozi. Wachimbaji waliandaa kongamano la kuamua maduara yaliyofungwa wakati wa mvua yafunguliwe lini. Walitaka video ya ufunguzi yenye muziki, na mwishoni akina mama watatu waingie jukwaani.

Mmoja wao alikuwa mama yangu. Kaka yangu na wenzake wawili walifukiwa na kifusi kwenye duara moja, na hawakutolewa. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wamekuja na tunda la yago, lile refu kama mkono, ambalo sisi Wajaluo tunalizika badala ya mtu ambaye mwili haupatikani. Mama alilikataa.

"Mwili wa mwanangu haujapotea," alimwambia baba mdogo. "Ninajua ulipo. Siziki tunda."

"Mama wa watoto, hilo shimo ni refu, bwana. Nani atalichimba?"

"Wale wanaochimba kila siku. Dhahabu wanaifikia, yeye watashindwaje?"

Hilo ndilo alilotaka kuliomba kwenye kongamano kabla watu hawajanyoosha mikono kupiga kura: duara lile lichimbwe kwanza kutoa wafu, ndipo watu watafute mali. Mwenyekiti wa wachimbaji alikubali aseme, mara tu baada ya video, kabla ya neno lolote lingine. Yule mwenyekiti alijua watu wakishaanza hotuba hakuna atakayemsikiliza mama muuza dagaa.

Mimi ndiye niliyetengeneza video, na karatasi ya mafundi niliiandika mwenyewe. Ilikuwa na safu tano: muda, picha, sauti, taa, jukwaa. Ngoma inaanza na picha za maduara alfajiri. Ngoma inapanda, karasha zinasaga mawe. Filimbi, muziki unatulia, picha za marehemu zinapita moja moja. Kisha giza tupu kwenye kitambaa cha kuonyeshea video, ngoma inapiga mara moja, na mlio ukiisha taa za jukwaa zinawaka, maiki inafunguliwa, akina mama wanaingia kutoka kushoto. Kwenye dakika ya nne kamili. Nilijiona mkurugenzi.

Shida ilikuwa fundi wa taa. Swichi zilikuwa kwenye korido nyuma ya jukwaa, ubavuni mwa jenereta. Haoni kitambaa, hasikii ngoma, anasikia jenereta tu. Kwa hiyo tulikubaliana afuate saa ya simu yake: nikibonyeza video, mwenye studio anammulika tochi kupitia mlango, naye anaanzisha saa. Fundi wa sauti, ambaye alikuwa na mazoea ya kusinzia, naye nilimwandikia dakika zilezile.

"Sasa hiyo ndiyo Biblia," mwenye studio alisema akiinua karatasi. "Video isiguswe tena. Ukigusa video, karatasi imekufa."

"Amina, mchungaji."

Asubuhi ya siku yenyewe niliiangalia mara ya mwisho. Picha ya kaka, ya tatu na ya mwisho, ilikuwa ile ya kitambulisho. Alionekana kama mtu aliyekamatwa akiiba mbuzi wa jirani. Kwenye simu yangu nilikuwa na kipande alichorekodiwa na wenzake mdomoni mwa duara: amefunga gunia shingoni kama tai, anaigiza tajiri wa duara anavyotembea akikagua wafanyakazi, halafu anaangua kicheko akiikodolea kamera. Huyo ndiye kaka yangu. Nikaitoa picha, nikaweka kipande. Kilikuwa kirefu kuliko picha, kwa hiyo giza, ngoma na kila kilichofuata vikasogea mbele. Karatasi sikuigusa. Nilijisemea sekunde chache, nani atajua.

Ukumbi ulijaa. Watu walikuwa na matope ya mgodini kwenye viatu vya kanisani. Nilibonyeza, tochi ikamulika, ngoma ikaanza, na kweli ilikuwa nzuri. Wanaume wazima walitikisa vichwa. Filimbi ikalia. Picha ya kwanza ikapita, ukumbi ukanyamaza. Ya pili. Kisha kaka akatokea na gunia lake shingoni, na huko nyuma mtu aliyemfahamu akacheka kabla hajajizuia.

Hapo ndipo dakika ya nne ilipotimia.

Taa zikawaka zote. Fundi wa sauti, safari hii akiwa macho kabisa, akashusha sauti ya video na kufungua maiki kama nilivyomwandikia. Akina mama waliambiwa waingie taa ikiwaka. Taa imewaka, wakaingia. Mama alitangulia. Kaka alikuwa nyuma yake, mkubwa kuliko mlango wa ukumbi, amepauka kwa ule mwanga, anacheka bila sauti.

Nilitaka kusimamisha video. Nikaacha. Ningesimamisha, angebaki pale amefungua mdomo.

Mama aliona nyuso za watu hazimtazami yeye. Akageuka. Projekta ilikuwa mbele ya jukwaa, hivyo alipokisogelea kitambaa kivuli chake kikamfunika kaka usoni. Akasogea pembeni ili amwone. Kivuli kikasogea naye, kikamfunika bega. Akarudi upande wa pili. Alifanya hivyo akiwa ameupa ukumbi mgongo, na maiki iliyokuwa wazi ilitoa pumzi zake tu. Kisha kitambaa kikawa cheusi. Ngoma niliyoipanga ikapiga bila kusikika na mtu.

Wale akina mama wenzake wawili walimshika mikono. Nilisubiri aigeukie maiki. Hakugeuka. Walimtoa kwa upande uleule alioingilia.

Mwenyekiti alisimama, akakohoa. "Akina mama, tumewaelewa," alisema. Halafu akamkaribisha mgeni rasmi.

Hawakuelewa chochote, kwa sababu hakuna kilichosemwa. Kabla ya chakula cha mchana mikono ilinyooshwa, maduara yote yakaruhusiwa kufunguliwa, na lile la kaka likiwamo. Mwenye studio alinitazama, akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni. Nikaanza kukunja nyaya.

Nilifika nyumbani jua likiwa linazama. Mama alikuwa anachambua dagaa wa kuuza, anatoa mchanga. Nilimweleza yote, kipande, karatasi, dakika, nikimfafanulia mpaka swichi za korido, kana kwamba akielewa swichi itakuwa nafuu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

Kisha akasema: "Ugali nimekufunikia. Kesho naenda kwa mwenyekiti. Wewe usije."