Barua ya Bi Maftaha na Pweza wa Mzee Fakihi

Miaka ile Mdachi alipokwisha kuizima vita ya Maji Maji na kubaki akidai kodi ya vibanda, Kilwa Kivinje hapakuwa na mtu aliyezijua kazi za watu kumshinda Bi Maftaha binti Bakary. Mumewe alimwachia vitu viwili: nyumba yenye baraza pana, na ulimi. Baraza ilijaa watu waliotoka Umatumbi na Kiranjeranje kutafuta rupia za kodi. Ulimi ukawapeleka kwa waliokuwa na rupia: Wahindi wa maduka, Waarabu wa minazi, na Mdachi mmoja wa shamba la pamba aliyekuwa akifukuza wapishi kama mtu anayefukuza nzi.

Shida ilikuwa moja tu. Kila mwajiri alikuwa na sheria yake ya kulipa. Mmoja alitaka kulipa pamba ikishavunwa. Mwingine aliapa kwamba dobi wake hakuletwa na Bi Maftaha, walikutana tu msikitini, wakapendana. Bi Maftaha akachoka. Akamwita Mwalimu Ahmadi wa chuo cha Kurani, akamwekea kahawa na sahani ya visheti, akamwambia aandike barua moja, ainakili mara nyingi, na kila mwajiri wa mji apelekewe yake.

"Ama baada ya salamu," barua ilisema. "Mwenye kutaka mtumishi anijulishe ni kazi gani, mshahara gani, na atalala wapi. Kunijulisha ni bure. Mimi nitatafuta, nitawauliza waliokaa naye zamani kama ni mwizi au mlevi, kisha nitaleta watu wawili watatu uwatazame. Kuwatazama ni bure. Ukimchagua mmoja, ada yangu ni nusu ya mshahara wake wa mwezi, nayo hulipwa siku anayoanza kazi, si kabla. Hulipa mwajiri, mtumishi simtozi hata hela moja. Akiondoka mwenyewe au akishindwa kazi kabla mwezi haujaisha, nitaleta mwingine bila ada ya pili. Ukijipatia mtu wako mwenyewe, sikudai. Lakini ukimkataa mtu niliyekuletea, kisha ukamtia kazini kwa mlango wa nyuma kabla ya mwaka kwisha, kwa jina lolote utakalompa, ada yangu iko pale pale."

Mwalimu Ahmadi alitaka kufunga kwa beti sita za kuisifu subira. Bi Maftaha akamwambia subira ameshaisifu vya kutosha kwa miaka miwili, na hakuna aliyemlipa.

Barua ikapendeza. Waajiri wakaanza kulipa siku ya kazi, hata yule wa dobi wa msikitini alilipa, ingawa alikunja uso. Bi Maftaha akanunua mkeka mpya, akaanza kulala usingizi wa mtu aliyeshiba. Ndipo barua ilipofika mikononi mwa Mzee Fakihi.

Mzee Fakihi alikuwa mfanyabiashara wa sandarusi, ile gundi ya miti, mwenye ghala mbili na mkono wa birika. Sukari yake aliifungia kwenye sanduku, na ufunguo akauvaa shingoni kama hirizi. Alipoisoma barua, macho yake yalisimama kwenye maneno "kuwatazama ni bure," yakakaa hapo muda mrefu kwa mapenzi. Akatuma habari kwamba anataka mpishi.

"Mpishi gani, baba?" aliuliza Bi Maftaha alipokwenda kumsikiliza.

"Mwanamke mtu mzima," alisema Mzee Fakihi, akihesabu kwa vidole. "Ajue kumpika pweza wa nazi akalainika. Pilipili sipendi, lakini harufu yake naipenda, basi aipitishe tu juu ya chungu. Asicheke ninapokoroma mchana. Dada yangu hapa ndani ni kiziwi, basi ajue kusema naye kwa mikono. Na asile sana. Mshahara rupia sita, na chakula."

"Na utawatazamaje?"

"Mpishi hutazamwa kwa ulimi. Kila mmoja apike siku moja nionje."

Bi Maftaha hakuona ubaya. Akampeleka wa kwanza, mama mmoja aitwaye Kadija. Kadija akapika, Mzee Fakihi akala, akaramba vidole, akasema pweza alikuwa mgumu kidogo. Akaenda wa pili; mzee akala, akapiga mbweu, akasema nazi ilizidi. Wa tatu akaambiwa nazi imepungua. Wa nne alipika vizuri mno, naye akakataliwa kwa kuwa angemzoesha mzee anasa. Kufika hapo kanzu ya Mzee Fakihi ilikuwa inambana tumboni, na mji mzima ulikwisha kuelewa kwamba anakula kwa barua ya Bi Maftaha.

Bi Maftaha alikasirika mpaka akasahau kusuka ukili wake. Barua yake ilisema watu wawili watatu, naye kwa ubishi wake alikuwa amekwisha kupeleka wanne. Jioni ile akawasomea wanawake wa barazani sifa zote za mpishi anayetakiwa, ili wamcheke mzee pamoja. Alipofika kwenye harufu ya pilipili, wakaanza kutazamana. Alipofika kwa dada kiziwi, wote wakapiga kelele kwa sauti moja.

"Huyo ni Sada!"

Naam, alikuwa Sada. Sada alikuwa mke wa Mzee Fakihi kwa miaka mingi, kisha akaachwa talaka moja kwa sababu ya lile sanduku la sukari: mke alitaka ufunguo, mume akaona ni heri abaki na ufunguo. Eda ilikwisha zamani. Sada sasa alikuwa akiuza vitumbua karibu na soko, na sukari aliyotia humo ilikuwa nyingi kupita kiasi, makusudi.

Bi Maftaha akamfuata kesho yake asubuhi. "Sada, mwenzangu, kuna kazi ya upishi."

"Kwa nani?"

Akatajiwa. Sada akacheka mpaka kitumbua kimoja kikaungua. Kisha akafuta macho kwa upindo wa kaniki.

"Kwa mshahara?" aliuliza.

"Kwa mshahara."

"Yaani pweza yule yule, chungu kile kile, na mwisho wa mwezi nalipwa?"

"Mwisho wa mwezi unalipwa."

"Basi nipeleke leo hii," alisema Sada.

Akaenda, akapika. Mzee Fakihi alipotia tonge la kwanza mdomoni alifumba macho. La pili likamtoa machozi, nayo hayakuwa ya pilipili, maana ilipitishwa juu tu. Dada kiziwi alimkumbatia Sada, akawa anamwambia kwa mikono asimwache tena.

Sasa mzee akapatwa na homa ya hesabu. Kumwacha Sada aondoke hawezi. Kumlipa mshahara, na ada ya Bi Maftaha juu yake, hawezi vilevile. Akakuna ndevu, akapata dawa. Akamposa.

"Turudiane, Sada," alisema. "Ndoa tuifunge mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mwezi wenye baraka. Lakini wewe uanze kupika kesho, kama mchumba."

Wakati huo ilikuwa mfungo tatu. Sada alimtazama, akasema atafikiri. Kesho yake akaja akapika, huku akifikiri.

Bi Maftaha alipokwenda kudai ada, Mzee Fakihi alimpokea kwa ukarimu wa maneno. "Ada ya nini, binti Bakary? Mimi sikuajiri. Nimeposa."

Habari ikaenea haraka kuliko harufu ya pweza. Kabla wiki haijaisha, mwenye duka mmoja alimwita dobi wake mpwa, na mwenye minazi mmoja akatangaza kwamba wapagazi wake wote ni ndugu wa kunyonya. Hakuna aliyelipa. Bi Maftaha aliuona mkeka wake mpya ukirudi dukani na yeye akirudi kutwanga mpunga wa watu. Akaogopa, aseme asiseme, aliogopa kweli. Akaivaa baibui yake, akaichukua barua, akaenda kushtaki kwa Liwali.

Siku ya shauri baraza ya Liwali ilijaa waajiri. Kila mmoja alikuja na jamaa yake mpya.

"Shikamoo, Liwali," alisema Bi Maftaha.

"Marahaba. Soma barua yako."

Akasoma mpaka "kwa jina lolote utakalompa." Liwali akaitikia kwa kichwa. "Maneno yako wazi. Fakihi, mwanamke huyu uliletewa na Maftaha?"

"Nililetewa."

"Anapika?"

"Anapika, alhamdulillahi."

"Basi ada ni wajibu, uwe uchumba, usiwe uchumba."

"Nakubali!" alisema Mzee Fakihi, na watu wakashangaa kumsikia akilitamka neno hilo. "Barua inasema nusu ya mshahara. Mchumba mshahara wake ni nini? Mke mshahara wake ni nini? Ni hakuna. Mheshimiwa, mimi niko tayari kulipa nusu ya hakuna, sasa hivi, taslimu."

Baraza ikaangua kicheko. Wenye wapwa walipigana mabega. Liwali aliuma midomo, akaitazama barua upande wa mbele na upande wa nyuma, hakuona pa kushika. Bi Maftaha alisimama katikati ya kicheko kile, akaikunja barua yake. Miaka yote aliyompikia marehemu mumewe ilimpita kichwani.

Ndipo Sada aliposogea mbele.

"Liwali, naomba kuuliza. Nimemsikia vizuri? Mke wake mshahara ni hakuna?"

"Ndivyo alivyosema mbele ya watu wote."

"Na mpishi wake?"

Liwali akamgeukia mzee. Mzee Fakihi akakuna ndevu. "Mpishi... mpishi nilisema rupia sita, na chakula."

"Basi nimekwisha kufikiri," alisema Sada. "Posa nimeikataa. Nachagua upishi. Asubuhi nitakuja, nitapika, dada nitamsemesha, na magharibi nitafunga mlango niende kwangu. Na kama hataki, nirudi kwenye vitumbua vyangu, yeye arudi kwenye pweza mgumu."

Kicheko kikageuka upande. Mzee Fakihi alimtazama Liwali, akamtazama Sada, akaona mbele yake miaka ya pweza mgumu imepangwa foleni. Mkono ukapanda shingoni, penye ufunguo, polepole.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Fakihi," alisema Liwali.

Akainama. Alilipa ada pale pale, na mshahara wa siku zilizopita, kwa sura ya mtu anayeng'olewa jino. Wale waajiri wengine wakaanza kutoka mmoja mmoja, na kabla ya adhuhuri wapwa wote wa Kivinje walikuwa wamerudi kuwa madobi.

Kila mwisho wa mwezi Mzee Fakihi huposa tena, na kila mwisho wa mwezi Sada hupokea mshahara wake, akauhesabu, akasema atafikiri. Ufunguo wa sanduku la sukari anao yeye, kwa kuwa mpishi hawezi kufanya kazi bila sukari.

Bi Maftaha alirudi nyumbani siku ile akiwa na ada mkononi na furaha kifuani, akatandika mkeka wake upya. Asubuhi alipofungua mlango alikuta baraza imejaa wanawake mpaka kwenye ngazi. Hakuna hata mmoja aliyetoka Umatumbi wala Kiranjeranje. Walikuwa wake za waajiri, wote anawajua kwa majina, wametulia na makapu yao.

"Hatutafuti kazi," alisema mke wa mwenye duka, akiinamisha macho. "Kazi tunayo. Tulitaka tu kujua hulipwa kiasi gani."