Safu ya Tatu

Mama yangu alikuwa mpenzi wa makosa. Sisemi makosa yake, maana hayo hakuyapenda hata chembe, nasema makosa ya watoto wa watu. Mtoto akikosa hesabu, walimu wengine hutia alama nyekundu na kusonga mbele. Mama alivuta kiti, akakaa naye goti kwa goti, akamwambia amweleze alivyofikiri mpaka akafika pale. Akishaelewa njia aliyopotelea mtoto, uso wake uling'aa kama aliyepewa zawadi. Darasani walimpachika jina la Bi Makosa, likaenea mpaka ofisi ya walimu, naye hakulikataa.

Alipostaafu, kampuni moja ya vitabu ilimwita aandike mada ya sehemu, yaani nusu, theluthi na wenzake, katika kiongozi cha mwalimu cha darasa la tano. Kwa asiyejua mambo haya: mwanafunzi anapewa kitabu cha kazi chenye maswali na nafasi za kujaza, na mwalimu anapewa kiongozi chake, chenye majibu ya maswali yaleyale na ushauri wa namna ya kufundisha. Kampuni iliwapa waandishi wengine mada zao, ila ya sehemu ilimngojea Mama, kwa sababu kila aliyewahi kufundisha hesabu anajua kwamba pale ndipo watoto wanapotelea.

Sijamwona akifanya kazi kwa raha kama ile. Meza ya chakula ikawa ofisi, sisi tukala tumepakata sahani. Nina duka dogo la fotokopi, na jioni nikirudi ananisomea kama vile mimi ndiye nitakayefundisha. Alikuwa amechora jedwali la safu nne: namba ya swali, jibu sahihi, kosa la kawaida, na ushauri. Safu ya kosa ndiyo iliyokuwa roho yake.

"Tazama hapa," alinionyesha. "Nusu jumlisha theluthi. Jibu ni tano juu ya sita. Lakini nusu ya darasa watakuletea mbili juu ya tano. Kwa nini?"

Nikamwambia sijui, nimechoka.

Akaeleza vilevile. Mtoto anajumlisha namba za juu kwa za juu, na za chini kwa za chini, maana ndivyo alivyozoea kujumlisha tangu darasa la kwanza. Ukimwambia tu kwamba amekosa, kesho atarudia. Mpe vipande viwili vya karatasi vyenye urefu mmoja. Kimoja akikunje kipate sehemu mbili sawa, kingine sehemu tatu sawa, kisha vyote avigawe katika sita zilizo sawa. Atahesabu mwenyewe: tatu na mbili, tano. Halafu mwulize kama mbili juu ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Akigundua ni ndogo, atacheka, kwa sababu ameongeza kitu akaishia na pungufu ya alichoanza nacho. Hayo yote aliyaandika kwenye safu ya ushauri, kwa lugha nyepesi, swali baada ya swali. Tano juu ya sita kutoa theluthi moja ni nusu, lakini wapo watakaoandika nne juu ya tatu, na hapo mwalimu awaulize inakuwaje umepunguza ukabaki na kingi zaidi.

Kazi ikapelekwa. Mhariri, kijana mpole mwenye miwani, alimsifu sana. Kisha meneja akaja na yake. Kurasa zilikuwa zimezidi. Vitabu vinachapwa kwa karatasi kubwa zinazokunjwa, kwa hiyo kurasa zikizidi hata chache unalazimika kuongeza mkunjo mzima, na meneja hakutaka kusikia habari ya mkunjo. Akaamua ushauri wote uondoke kwenye mada, kwa maelezo kwamba mwalimu hana muda wa kusoma hadithi, na majibu ya mada zote yakusanywe nyuma ya kitabu mahali pamoja.

Mama aliwaka. Alikwenda ofisini akapigania ushauri wake mstari kwa mstari, akatoka mikono mitupu. Akaomba basi angalau aonyeshwe prufu, ile nakala ya mwisho ya kukagua, kabla haijaenda mtamboni. Mhariri akamwambia hakuna neno lililobadilishwa, ni mpangilio tu, na zamu ya mtambo ilikuwa imeshawadia. Alirudi nyumbani akavua viatu, akasema wamemtoa nyama wakamwachia mfupa, lakini mfupa nao una faida yake.

Laiti wangemwachia huo mfupa.

Maboksi ya vitabu vyake yaliletwa dukani kwangu, maana siku hiyo nyumbani hakukuwa na mtu. Jalada lilikuwa zuri, sina ubishi, na majina ya waandishi yamepangwa chini, la kwake likiwa la kwanza. Mama alikuja mbio, akapapasa jalada, akacheka. Alifungua mada yake, akaguna kuona ilivyokonda. Kisha akaenda nyuma, kwenye majibu. Kicheko kikakatika. Akapitisha kidole kwenye namba, taratibu, kutoka juu mpaka chini, halafu akakaa juu ya boksi la karatasi.

Nilidhani ni presha. Nikamletea maji, akayasukuma.

"Wameweka makosa," alisema. "Yote. Wameyaita majibu."

Ilikuwa hivi. Waandishi wengine walichora majedwali ya safu tatu: namba ya swali, ukurasa wa kitabu cha kazi, na jibu. Msanifu wa kurasa, alipoambiwa akusanye majibu, alichukua safu ya tatu ya kila mada na kuihamishia nyuma. Kwa mada ya Mama safu ya tatu ilikuwa kosa la kawaida. Mhariri mpole mwenye miwani alipitia, akaona namba zimenyooka, akatia saini. Hakuna aliyekaa akahesabu hata swali moja. Watu wa kutengeneza kitabu cha hesabu, jamani, na hesabu hawakupiga.

Nilifuatana naye kwa meneja. Meneja alitukaribisha vizuri, akaagiza chai. Alisema ni bahati mbaya. Alisema vitabu vimeshasambazwa mashuleni, kuvirudisha haiwezekani, na karatasi ya masahihisho ingeitia kampuni doa wakati huu ambapo vitabu vyake vingine vinangoja kibali. Toleo lijalo litarekebishwa. Walimu ni watu wazima waliosoma, wakikuta kosa watalijua.

Mama alimwuliza toleo lijalo ni lini. Meneja akajibu kwamba inategemea hili litaisha lini. Mama akamwambia basi jina lake yeye liondolewe kitabuni.

"Mama, jina lako ndilo walilolitaka," meneja alisema, na wala hakuwa akimkejeli. "Shule nyingi zimechukua kitabu kwa sababu yako."

Chai ya Mama ilibaki mezani. Mimi yangu niliinywa, kwa hasira. Mpaka leo nikikumbuka naona uchungu kwamba nilimaliza kikombe cha yule bwana na kusema ahsante.

Mama akaandika karatasi yake mwenyewe: majibu sahihi upande mmoja, na upande wa pili ushauri ule uliokatwa, herufi akazibana mpaka ukatosha. Nikaitoa nakala nyingi dukani. Akaanza kuzizungusha shule kwa shule, kwa miguu yake yenye uvimbe, bahasha kwapani. Kwingine alipokelewa vizuri. Kwingine mwalimu mkuu aliipokea karatasi kwa vidole viwili na kuiweka chini ya kikombe. Shule moja mlinzi alimzuia getini akidhani anauza kitu.

Siku niliyofunga duka nimsindikize, tulifika shule ambayo mwalimu wa darasa la tano alimpokea kwa kupiga goti. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, na alikuwa mwanafunzi wa Mama zamani. Akamshika mikono miwili, akawaambia watoto wasimame, huyu ndiye aliyemfundisha yeye hesabu, na ndiye aliyeandika kitabu. Watoto wakaitika kwa pamoja. Mama alikuwa hawatazami. Alikuwa akitazama ubao, na ubaoni kulikuwa na nusu jumlisha theluthi, na mbele yake, kwa chaki, mwandiko mzuri, mbili juu ya tano.

Watoto walitolewa nje. Madaftari yalikuwa mezani yamekwisha kusahihishwa, Mama akayafungua moja moja. Waliojumlisha ovyo wamepewa vema. Kulikuwa na mmoja tu aliyeandika tano juu ya sita, tena kwa kuonyesha njia yote, na chini yake kalamu nyekundu imeandika: *Sikiliza darasani.*

Mama alimweleza kila kitu, safu nne, safu tatu, msanifu, meneja. Yule mwalimu alisikiliza akiwa amefunika mdomo.

"Hukuona?" Mama alimwuliza.

"Niliona, Mwalimu. Nilihesabu mwenyewe nikapata tano juu ya sita. Nikarudia, ikaja vilevile. Nikahangaika." Akashika kile kiongozi, akapitisha kidole kwenye jalada. "Halafu nikaona jina lako. Nikasema, ah, kumbe ni mimi niliyesahau."

Nilitamani asingelisema. Nilimwona Mama akipokea neno lile, na hakukuwa na pa kuliweka. Meneja alimwudhi, mhariri alimwudhi, lakini hao walikuwa watu baki. Huyu alikuwa amefinyangwa kwa mikono yake.

"Ningekufundisha vizuri," Mama alisema, "ungebisha."

Yule mwanamke machozi yakamlengalenga. Alisema hapana, Mwalimu, ulitufundisha vizuri mno, ndiyo maana. Kisha akaichukua karatasi ya masahihisho, akaigeuza mbele na nyuma, akasema kwa sauti ya chini kwamba haina muhuri, akauliza mkaguzi akija akakuta amefundisha tofauti na kitabu ajibu nini. Alikuwa na haki ya kuuliza. Ana watoto, ana kazi. Alisimama na karatasi mkono huu na kitabu mkono huu, vyote viwili vya Mama.

"Basi niandike ipi, Mwalimu?"

Mama alichukua chaki akampa.

"Hesabu mwenyewe."

Yule mwanamke akaenda ubaoni. Alifuta, akaanza upya. Akageuza nusu kuwa tatu juu ya sita, theluthi kuwa mbili juu ya sita, akajumlisha za juu, akaacha sita mahali pake. Hakukosea popote, na mkono wake haukusita hata kidogo. Aliandika tano juu ya sita, akapiga mstari chini.

Kisha akageuka kumtazama Mama usoni, aone kama amepata.