Samli Juu ya Mbavu

Barua ya muuguzi ilikuwa na Kiswahili cha askari wa kizuizi cha barabarani, nami niliisoma kwa sauti ya askari hivyohivyo, kifua mbele, mpaka Mama akacheka. Mdogo wetu wa miezi tisa alikuwa ameruhusiwa kutoka wodini Mbarara baada ya nimonia, na Mama hakusoma shule.

“Mama mtoto, maliza dawa yote hata akipona. Asikae karibu na moshi. Fungua nguo, angalia kifua yake asubuhi na jioni. Kama anapumua mbio, kama mbavu inaingia ndani, kama anakataa ziwa, anatapika kila kitu, anashtuka mwili, ao analala bila kuamka muzuri, usingoje kesho. Kimbia hospitali.”

Dawa Mama alimpa bila kukosa, kidonge kikiyeyushwa katika maji kidogo. Shida ilikuwa kufungua nguo. Koko, mama yake Baba, alikuwa na dawa yake. Alinunua kwa mchungaji wa ng'ombe samli iliyochacha ikawa na rangi ya usaha, akatafuna kitunguu saumu kwa meno yake manne, akakitema kiganjani pamoja na mate yanayovutika, akachanganya, akampaka mtoto kifua kizima. Juu yake kitambaa, juu ya kitambaa sweta mbili. Marufuku kufungua mpaka ikauke. Nyumba yetu ya turubai pale kambini ikanuka kama soksi iliyofia ndani ya jibini. Nzi walitoka mpaka kijiji cha Kabazana kuja kutusalimia.

Siku ya pili, mchana, mtoto akaacha kulia. Mama alimpa ziwa, naye akageuza uso pembeni. Koko akasema ameshiba, dawa imeshuka, aachwe alale.

Mimi sikuwa na wasiwasi wowote. Nilitaka tu kula ugali wangu bila kutapika. Nikamvua sweta, nikabandua kile kitambaa kilichonata kama ngozi ya kidonda.

“Weye pua yako ndiyo mugonjwa,” Koko akaniambia. “Acha mutoto.”

Chini ya ule uchafu wa njano, kila alipovuta pumzi, nyama ya chini ya mbavu ilizama ndani. Nilimtikisa. Alifumbua jicho nusu, akalifumba.

Mama akasogea. “Soma tena pale pa mbavu.”

Nikasoma, bila askari.

“Haiyakauka bado,” Koko akasema.

“Mama, munisamehe,” Mama akamjibu, tayari anamfunga mtoto mgongoni.

Bodaboda ikatufikisha kituo cha afya. Daktari msaidizi alifuta samli kwa pamba huku amekunja midomo, akahesabu pumzi kwa saa yake, akamtia oksijeni na sindano, akaita ambulensi iturudishe Mbarara.

Kesho yake jioni, wodini, mtoto alishika ziwa. Alinyonya kwa kelele kama kitoto cha nguruwe, makamasi mawili mazito yakiteremka mdomoni, naye akiyameza pamoja na maziwa. Nikaziba mdomo.

Mama alikuwa amemwacha kifua wazi, macho hayatoki mbavuni.

“Ukitaka kutapika, toka inje,” akasema. “Usinikingie mwanga.”