Vipimo vya Shangazi

Shangazi ni fundi cherehani mtaani Buyenzi. Vipimo vya wateja alivihifadhi kwenye madaftari, mpaka nilipomnunulia programu ya simu ya kuvitunzia, ya kulipia mara moja, "ya maisha". Madaftari nikampa muuza sambusa afungie.

Kampuni ikafunga, seva zikazimwa, programu ikagoma kufunguka. Ndipo nikasoma masharti: maisha yenyewe ni ya kampuni, si ya shangazi. Walikuwa wametuandikia, wakatupa siku thelathini za kupakua vipimo. Mjinga mimi, barua pepe sikuifungua. Si tulishalipa maisha?

Idi ikakaribia. Shangazi akaanza kupima watu upya.

"Ni mi nilipoteza daftari," alimwambia kila mteja.

Nilikaa kando yake nikiandika mabega na viuno, wala sikumkanusha hata mara moja.