Nywele za Mwalimu Esnath na Ukungu wa Tukuyu

Kila asubuhi kabla ya chai, Mwalimu Esnath huinua nywele za utosini kwa ncha za vidole, hujitazama kiooni, kisha hufunga kilemba. Nywele ni nyeupe kama fedha, na nyembamba mno. Kufunga kilemba kunamchosha. Bega la kulia halipandi vizuri tangu alipostaafu.

Wiki hii kwaya yake ya akina mama kanisani ilikubaliana kupiga picha Jumapili, na sare mpya haina kilemba. Kwa hiyo Ijumaa mimi, jirani yake, nilimsindikiza saluni kwa Doreen, pale Makandana. Mwalimu alikaa, akasimama, akachungulia mlangoni, akakaa tena.

"Mwalimu, tulia basi! Darasani ulikuwa unatuchapa kwa hilo," alisema Doreen, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake.

"Na wewe ulikuwa hutulii. Unataka kunifanya nini?"

"Nisuke rasta, zijae kichwa."

"Zitang'oa hizi chache zilizobaki." Alionyesha pembeni mwa paji la uso, ambako misuko ya zamani ilikwisha kuacha upara.

Doreen akawasha draya. Alinyoosha fungu moja la utosini hadi likafika karibu na nyusi, akashika mkasi. "Nikate hapa, patapendeza kabisa."

"Acha!" Mwalimu alisimama tena, taulo likaanguka. "Hapa ni Tukuyu, binti. Nikifika kanisani ukungu umezikunja na kuzirudisha zote juu, na picha itatoka nina kichwa cha yai. Zikikatwa vibaya, hadi zikue tena nitakuwa nimezikwa."

Alitoka nje na taulo mabegani. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Wauza ndizi walimshangaa. Mwalimu alikaa huko hadi lile fungu likajikunja na kurudi kama lilivyozaliwa.

Aliporudi alisema, "Sasa kata zilivyo."

Doreen alikata polepole, bila kuziosha wala kuzivuta. Kisogoni na juu ya masikio alizifupisha sana; utosini aliziacha ndefu kidogo, akizungusha umbo. Pembeni zilipopungua, za juu zikaonekana kujaa. Mwisho alimpaka matone machache ya mafuta. "Yakizidi, zitalala. Asubuhi lowesha mkono, zipitishie, halafu inua mizizi kwa chanuo. Usizichane hadi nchani."

Mwalimu alijaribu kwa mkono wa kushoto. Ziliinuka. Alijigeuza huku na huku kiooni, akagusa kisogo, akagusa tena.

Tukiwa njiani, kilemba kikiwa ndani ya mkoba wake, nilithubutu kuuliza jambo lililokuwa likinisumbua tangu asubuhi: mbona hakunyoa zote, kama wenzake wengi, akapumzika?

"Mume wangu alipofariki nilinyoa zote," alisema. "Sasa hakuna msiba."