Kioo Kisicho na Nukta

Nilipofushwa na surua, katika miaka ile ya vita ambapo treni haikufika tena mji wetu wa Kindu, Kongo, na dawa zilikwisha sipitali. Nilikuwa mtoto. Mama alinibeba mgongoni kutoka njia ya Kalima, na tulipofika mjini hakukuwa na daktari wa macho wala chakula cha kutosha. Akaanza kuuza chumvi. Aliniweka nipime: najaza kikopo, napitisha kiganja juu, nikisikia chumvi imesawazika na ukingo, basi ni sawa. Wateja hawakubishana nami.

Nilijifunza kusoma maandishi ya nukta kwa vidole, na baadaye nikawa mwalimu wa watoto wasioona. Mshahara wangu unapita benki, na ninautoa kwa wakala mwenye duka karibu na soko. Mashine yake ya kwanza ya kadi niliipenda. Ilikuwa na vibonye vya kweli. Katikati, juu ya kibonye cha tano, palikuwa na nukta ndogo iliyoinuka. Ukiipata hiyo, namba zote unazijua zilipo. Kibonye cha kukubali kilikuwa na duara, cha kufuta kilikuwa na msalaba. Kila nilipobonyeza, mashine ililia kidogo, na nikikosea ililia kwa muda mrefu. Namba yangu ya siri niliiandika mwenyewe.

Mashine haikusema kiasi, lakini simu yangu ilisema. Ujumbe wa benki ulikuja nikiwa bado dukani, naweka waya ya kusikilizia sikioni, sauti inanisomea Kifaransa: kiasi gani kimetoka, kiasi gani kimebaki. Nahesabu noti, nalinganisha, naaga.

Mwaka huu mama akaanza kukohoa damu. Sipitali wakatuandikia dawa za kununua nje, na mimi nikaenda dukani asubuhi na fimbo yangu. Nikanyoosha mkono kwenye mashine. Nilikuta kioo kitupu, laini kama sahani.

"Hii njo nini?"

"Njo mashine mupya, mama mwalimu," wakala akasema. "Ile ya zamani iliharibika."

"Nukta iko wapi?"

"Haina. Unagusa tu."

"Na sauti?"

"Sijui. Sikuonyeshwa. Labda iko ndani, lakini miye sijui kuifungua."

Nilijaribu. Kidole changu kilitembea juu ya kioo bila kujua kimegusa nini. Mashine haikulia wala haikutikisika. Mara mbili wakala alisema siri imekataliwa. Ya tatu, akasema, ingefunga kadi. Nyuma yangu watu walikuwa wanaguna.

"Niambie, mama, nitakuandikia," wakala akasema.

Nilimwambia siri yangu, kwa sauti ya chini, na bado nilihisi kila mtu kwenye foleni ameisikia. Nikamwambia na kiasi. Akanipa noti, nikazihesabu, zilikuwa kiasi nilichotaja, na karatasi ya risiti. Karatasi ilikuwa laini pande zote. Nikangojea simu iseme. Haikusema, mtandao ulikuwa mbaya tangu alfajiri. Mama alikuwa anangoja dawa. Nikaondoka.

Ujumbe uliingia nikiwa kando ya kitanda chake. Niliusikiliza, nikaurudia. Kilichotoka kilikuwa karibu mara mbili ya kile nilichopewa mkononi.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Hakuna kitu."

Nikarudi dukani. Wakala hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. "Karatasi nilikupa," alisema taratibu. "Kiasi kiliandikwa pale. Ungeuliza mutu akusomee."

Mteja mmoja aliichukua karatasi, akaisoma. Ilisema kama simu. Mashine haikudanganya, mikono ndiyo iliyodanganya, na mikono haiachi alama. Benki walinijibu kwamba siri ni yangu, na kama niliitoa kwa mwingine, wao hawawezi kitu. Kuhusu sauti ya mashine, walisema huenda ipo, lakini hilo huulizwa makao makuu, Kinshasa.

Dawa tulinunua za siku chache, halafu tukakopa, halafu hapakuwa na wa kumkopa. Mama alifariki kabla ya mvua kuanza. Sisemi kwamba fedha zile zingemwokoa. Daktari hakusema hivyo. Lakini sijui, na hakuna atakayenijulisha.

Siku hizi nafuatana na mwalimu mwenzangu anayeona. Anasoma kioo, anaandika siri, anahesabu noti. Ni mtu mwema. Mwezi uliopita aliniuliza, tukitoka:

"Dada, unaniamini?"

"Nakuamini," nikajibu.

Neno hilo lingekuwa na uzito zaidi kama ningekuwa na chaguo la kutomwamini. Tulivuka barabara, pikipiki zikapita karibu, na noti zilikuwa mfukoni mwangu, kiasi alichokisema yeye.