Roboti ya Parachichi na Wanawake Wanaochuchumaa

Aika Mmari alizaliwa Machame, akasomea elektroniki Dar es Salaam, kisha akapangiwa kufundisha katika chuo cha ufundi mjini Tukuyu, mahali ambapo nguo hazikauki kwa mvua na mgeni hupewa ndizi kabla hajaulizwa jina. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: hakuwasha kitu chochote kabla hajajua kitafanya nini.

Miaka hiyo wanunuzi binafsi walikuwa wamefurika wilayani, kila mmoja akiyataka maparachichi, na wakulima wa Kinyala na Masukulu walikuwa wamejenga ghala lao la kufungashia. Meneja wa ghala, Bwana Jotham, aliposikia kwamba chuo kinaunda roboti ya kubeba kreti, alikubali ifanye kazi kati ya meza za kuchambulia na chumba cha baridi. Aliweka sharti moja tu.

"Ikimgusa mtu, mwalimu, hata kwa ukucha, itatoka na haitarudi. Nina wanawake thelathini humo ndani. Sitaki kesi."

Kwa hiyo Aika aliazimia kwamba roboti isikanyage sakafu ile kabla haijaikanyaga ndani ya kompyuta. Aliandika faili la modeli, ambamo kila kiungo cha roboti huelezwa kwa umbo lake, uzito wake na mahali kilipoungwa: mwili, magurudumu, mlingoti, na juu ya mlingoti kihisi cha leza, ambacho humulika pande zote katika usawa mmoja na kupima umbali wa kila kinachokutana na mwali wake. Kisha akaujenga ulimwengu wa kuigiza: kuta za ghala, meza, milango, marundo ya kreti na watu. Programu ya kuongoza safari ilikuwa ile ile ambayo ingeiongoza roboti halisi. Haikujua kama sakafu iliyo mbele yake ni ya saruji au ya kuchorwa.

Msaidizi wake, Dennis, kijana wa Mbeya aliyekuwa fundi wa karakana, hakuona maana ya haya yote.

"Madamu, roboti ipo, betri imejaa, ghala liko pale chini. Si tuiwashe tu?"

"Chora magurudumu, Dennis."

Dennis aliyachora kwa milimita. Faili lilisoma kila kipimo kwa mita. Walipoanzisha uigizaji, gurudumu la milimita mia moja na sitini likawa gurudumu la mita mia moja na sitini, na roboti ikarushwa angani, ikatoweka.

"Imeenda Malawi," Dennis alisema.

Aika hakucheka. Alirekebisha vipimo, roboti ikatulia, lakini ikawa inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, kwa kuwa Dennis alikuwa amenakili hesabu za mgawanyo wa uzito kutoka modeli nyingine iliyo ndogo mno. Zikarekebishwa hizo pia. Hatimaye roboti ya kuchorwa ilikwenda na kurudi katika ghala la kuchorwa, ikiwakwepa watu wote waliosimama njiani. Bwana Jotham alipoona hivyo alipanga majaribio halisi yafanyike Jumatatu, na akawaalika wanunuzi.

Ijumaa Aika alikwenda ghalani kupima upana wa mlango wa chumba cha baridi. Alikuwa ameshika futi kamba, na Tulia, mwanamke mchangamfu wa meza za kuchambulia, alikuwa amemshikia ncha ya pili, ndipo mzee Ambindwile, mwenyekiti wa wakulima, alipoingia. Tulia aliiachia ncha ile. Yeye na wenzake wote wakachuchumaa pale pale walipokuwa, wakainamisha vichwa, wakamwamkia mzee. Naye akawajibu bila haraka, akauliza habari za watoto, za ng'ombe na za mvua.

Futi ilijiviringisha na kumchapa Aika kidole.

"Tulia, jamani! Nilikuwa karibu kusoma kipimo!"

"Pole, mwalimu. Mzee anapita, nimpe mgongo?"

Aika alikuwa ameshaona desturi hiyo mara nyingi njiani, na hakuwa ameifikiria hata siku moja. Sasa aliwatazama wale wanawake, kisha akautazama mkanda wake wa kupimia. Leza yake ilimulika kwa kimo cha mita moja na sentimita kumi, ili ipite juu ya kreti zilizopangwa mgongoni mwa roboti. Watu aliowaweka katika ulimwengu wake walikuwa nguzo zilizosimama wima. Hakuna aliyechuchumaa.

Alirudi chuoni, akaongeza umbo la mtu wa sentimita sabini katikati ya njia, akaiachia roboti. Ilikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, haikupunguza, ikamgonga na kuendelea kumsukuma hadi mlangoni.

Alimpelekea Bwana Jotham kompyuta mpakato, akamwonyesha.

"Basi nitawaambia wasichuchumae," meneja alisema. "Ni kazini hapa, si harusini."

Akawaambia wanawake. Tulia ndiye aliyemjibu.

"Tumwamkie mzee tumesimama kama mlingoti wa simu? Na wewe mama yako akisikia?"

"Basi mzee asipite."

"Asipite ndani ya ghala alilolijenga? Mwambie mwenyewe, meneja. Sisi tutakuwepo kusikiliza."

Bwana Jotham hakumwambia mzee. Alimgeukia Aika na kusema kwamba Jumatatu haisogei, wanunuzi wamekwisha kualikwa, na kwamba chuo kina siku ya kesho na keshokutwa.

Katika faili, kuishusha leza kulihitaji kubadilisha namba moja. Aika aliibadilisha, akaiweka chini ya sakafu ya kubebea mizigo, sentimita kumi na mbili kutoka ardhini. Roboti ikakataa kabisa kusogea.

"Sasa imegoma," Dennis alisema. "Labda inataka mshahara."

"Inayaona magurudumu yake yenyewe. Inadhani imezingirwa na kitu."

Wakaisogeza leza mbele, nje ya kivuli cha magurudumu. Roboti ikasimama vizuri mbele ya mtu aliyechuchumaa. Kisha, ilipoona njia imefungwa kwa muda mrefu, ikafanya kile ambacho programu huiagiza roboti iliyokwama: ikarudi kinyumenyume, ambako sasa haikuwa na jicho, ikamgonga mtu wa pili ambaye Aika alikuwa amemweka nyuma kwa makusudi.

Dennis alishika kichwa. "Madamu, unawaweka watu kila mahali!"

"Na wao huchuchumaa kila mahali."

Akaifutia ruhusa ya kurudi nyuma. Ikifungiwa njia, ingoje. Kisha akaijaribu tena na tena, watu wamesimama, wamechuchumaa, wameinama, mpaka Dennis mwenyewe akaanza kumtafutia pembe alizosahau. Jumapili baada ya ibada wakaihamisha leza halisi, kwa skrubu zile zile.

Jumatatu wanunuzi walijipanga ukutani. Roboti ilitoka na kreti zake, ikapita meza ya kwanza, ikapita ya pili. Na mzee Ambindwile, ambaye hakuna aliyethubutu kumzuia, akaingia. Wanawake wakachuchumaa. Tulia alikuwa katikati ya njia kabisa, kichwa chini, hakuangalia mashine iliyokuwa ikimjia.

Ilisimama hatua moja mbele yake.

Mzee aliuliza habari za watoto. Akajibiwa. Akauliza habari za ng'ombe. Roboti ilingoja. Mnunuzi mmoja alitazama saa yake.

"Itaondoka lini?" Bwana Jotham alimnong'oneza Aika kwa hasira.

"Tulia atakaposimama."

"Na mzee bado hajafika kwenye mvua!"

"Basi tungoje, meneja," Aika alisema, akavuta kreti tupu, akakaa.